Dakika Moja Kabla ya Msemaji

Jamaa zangu wa Kisauni hushangaa nikiwaambia kwamba huku Kakamega, nilikohamia na mume wangu kwa sababu ya kazi yake, Jumamosi mbili za kila mwezi huzitumia katika klabu ya kujifunza kuzungumza hadharani. Hushangaa zaidi wakisikia kwamba kazi ninayoipenda katika klabu hiyo si ya kuhutubu, bali ni ya kuwatambulisha wanaohutubu. "Yaani mwanangu wasafiri na mvua yote hiyo ukataje majina tu?" aliniuliza shangazi yangu siku moja kwa simu. Ndiyo, shangazi, nataja majina. Lakini jina hutajwa mwishoni, na kabla ya kulitaja kuna kazi ya siku tano ambayo mtu aliyeketi mkutanoni haioni. Nimeona niieleze hapa, kwa kuwa wengi wenu mnaosoma kurasa hizi mmeshaombwa, au mtaombwa, kumkaribisha mtu azungumze: kwenye mahafali ya madrasa, kwenye mkutano wa wazazi, kwenye kikao cha chama cha akina mama.

Klabu yetu ni ndogo, nayo hufuata mtindo wa Toastmasters, vilabu vilivyoasisiwa na Ralph Smedley huko Santa Ana, California, mwaka 1924. Kila mkutano huwa na wasemaji wawili au watatu waliojiandaa, kisha hotuba fupi za papo kwa papo, kisha watathmini ambao kila mmoja humweleza msemaji wake kilichofaa na kinachohitaji kurekebishwa. Yuko mtunza saa mwenye kadi za kijani, manjano na nyekundu. Yuko anayehesabu kila "aa" na "eem" iliyomponyoka msemaji. Katika vilabu vingi mwendesha mkutano ndiye huwatambulisha wasemaji. Sisi tumeitenga kazi hiyo na kumpa mtu wake, kwa sababu mwendesha mkutano ana mengi ya kushika, na utambulisho ulioandikwa dakika ile ile msemaji anaposimama huwa ni ule ule kwa kila mtu.

Huo ulio sawa kwa kila mtu mnaujua. "Msemaji anayefuata ni mtu asiyehitaji kutambulishwa." Kama hahitaji, kwa nini umesimama? Kisha hufuata orodha ya shule alizosoma na kamati alizomo, kisha ahadi kwamba hotuba yake itatuchangamsha mno. Hadhira hutazama simu zake. Msemaji, aliyeketi pembeni na karatasi mkononi, huanza kujiuliza atawezaje kuwachangamsha watu kwa hotuba ya msiba.

Utambulisho mwema hujibu maswali manne, nayo hufundishwa katika vilabu hivi popote vilipo: kwa nini mada hii, kwa nini msemaji huyu, kwa nini hadhira hii, na kwa nini wakati huu. Si lazima yajibiwe kwa mpangilio huo, wala kwa urefu sawa. Lakini ukikosa jawabu la mojawapo, ni dalili kwamba bado hujazungumza na msemaji vya kutosha. Muda wake ni dakika moja au pungufu. Kwa kasi yangu ya kusema, dakika hiyo hutosha maneno 80 hadi 100 ya Kiswahili, hayazidi hapo, maana maneno yetu ni marefu na hayapendi kukimbizwa.

Siku tano kabla ya mkutano huwapigia wasemaji simu. Ujumbe wa Wasapu hautoshi, kwa sababu jambo la kwanza ninalolitaka ni kusikia mtu akilitamka jina lake mwenyewe. Huku magharibi kuna majina yenye kha ndani yake, kama Khaemba na Khalwale. Sisi wa pwani, tuliolelewa na kha ya khamsini na khatima, hatutaabiki nayo sana. Wageni wengine huifanya kuwa ka. Nao wenyeji wa huku huweza kutaabika na majina yetu. Binti mmoja wa kutoka Lamu aliyekuwa akisoma huku aliwahi kuitwa jukwaani kwa jina ambalo hata yeye hakulitambua, akaketi kimya akingoja mtu mwingine asimame. Kwa hiyo huandika jina kama linavyosikika, nikakata silabi, kisha namsomea mwenyewe kwenye simu mpaka aseme sawasawa.

Pamoja na jina huuliza cheo. Kuna mama anayependa kuitwa Daktari, maana alikitafuta cheo hicho kwa miaka mingi, na kuna mwenzake aliye daktari vile vile lakini Jumamosi anataka kuwa Mama Fulani tu. Huuliza kichwa cha hotuba, neno kwa neno. Huuliza ni hotuba yake ya ngapi na ni ya dakika ngapi. Na swali la mwisho, ambalo nimejifunza kulipa nafasi kubwa kuliko yote, ni hili: ni jambo gani lako ambalo nisilitaje?

Wengi huanza kwa kucheka. Wakishacheka, hunyamaza kidogo, kisha hulisema. Mmoja hataki itajwe kazi aliyoachishwa. Mwingine hataki watu wajue kwamba ni mke wa mtu fulani, kwa sababu akijulikana hivyo hadhira itamsikiliza mumewe ndani yake. Mwanamke anaposimama mbele za watu, mara nyingi hutanguliwa na nasaba za ndoa: mke wa, mjane wa, mama wa. Huenda akazipenda zote, na huenda Jumamosi hiyo akataka kuwa mwenye jambo lake tu. Hilo huwezi kulijua usipouliza.

Historia ya vilabu hivi yenyewe ina kisa cha jina. Kwa karibu miaka 50 ya mwanzo wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama. Mlango ulifunguliwa rasmi mwaka 1973. Helen Blanchard, Mmarekani aliyetaka kujifunza kuhutubu, aliingia mwaka 1970, na jina lililoandikwa katika fomu yake lilikuwa Homer, jina la kiume, ili makao makuu yasitambue. Mwaka 1985 huyo huyo akawa mwanamke wa kwanza kuongoza shirika lote duniani. Huwasimulia kisa hiki vijana wetu wanaodhani kwamba kumtaja mtu ni kazi ndogo.

Sasa niwaelezeni Jumamosi moja ili mwone jinsi kadi inavyotengenezwa.

Tulikuwa na wasemaji watatu. Wa kwanza alikuwa mama wa kutoka Mumias, mji wenye Waislamu tangu enzi za misafara na za Nabongo Mumia, naye huuza vitambaa na mitandio hapa Kakamega. Nitamwita Bi. Fulani. Mtambulishaji wa siku hiyo hakuwa mimi. Alikuwa kijana mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mwenye sauti nzuri na bidii nyingi, niliyeombwa kumsaidia kwa kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza. Aliniletea kadi yake siku ya Alhamisi. Ilikuwa na maneno zaidi ya 200. Sehemu yake ya kati ilisomeka hivi:

"Ni mjane shujaa mwenye watoto wanne. Mume wake alipofariki, watu walimjia mmoja baada ya mwingine wakidai kwamba marehemu alikuwa na madeni yao, naye hakuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha au kukanusha. Alilia sana, lakini hakukata tamaa. Leo atatueleza jinsi alivyolipa madeni ambayo hakuyajua, na kwa nini sasa huandika kila kitu. Ni msemaji bora ambaye hamtamsahau."

Kijana hakuandika uongo. Yote hayo Bi. Fulani alikuwa amemwambia mwenyewe, kwa wema, wakati alipompigia simu. Lakini ndani ya maneno hayo mlikuwa na mambo matatu yaliyohitaji kuondolewa, na kila moja lilikuwa na sababu yake.

La kwanza ni kwamba hotuba ilikuwa imekwisha. Tulipomwomba Bi. Fulani atueleze mpangilio wake, tulikuta kwamba anaanza dukani, na daftari, na mteja anayemcheka kwa kuandika hata shilingi 20. Mume wake hamtaji mpaka dakika ya tatu. Hapo ndipo hadhira inapojua kwa nini mwanamke huyu anaandika shilingi 20. Mtambulishaji akishasema mume amefariki na wadai wamekuja, mteja anayecheka hachekeshi tena, na dakika tatu za mwanzo zinakuwa njia ndefu ya kwenda mahali ambapo sote tumeshafika. Kipimo changu ni rahisi: namsomea msemaji kadi yangu na kumwuliza, "Je, kuna sentensi hapa ambayo wewe pia utaisema?" Akisema ipo, ni yake. Naifuta.

La pili ni neno mjane. Hakuna aibu ndani yake, na Bi. Fulani halifichi. Lakini lilikuwa ni neno ambalo alitaka kulitoa yeye, kwa sauti yake, mahali alipolichagua. Kijana aliuliza, kwa haki kabisa, kuna tofauti gani ikiwa litasemwa dakika tatu baadaye. Bi. Fulani alimjibu mwenyewe: "Ukilisema wewe, watanionea huruma kabla sijafungua mdomo. Nikilisema mimi, watakuwa wameshanisikiliza." Sikuwa na la kuongeza.

La tatu ni sifa. Mafundisho yetu yametuonya juu ya kumsifu mtu usoni pake kupita kiasi, na hata asiyeyajua mafundisho hayo anaweza kuona madhara yake jukwaani. Msemaji aliyeitwa bora hasimami akiwa amebebwa na sifa. Husimama akiwa na deni. Hadhira hukunja mikono na kungoja alipe. Badala ya sifa, tia jambo moja la hakika ambalo hadhira italipima yenyewe. "Ameuza vitambaa kwa miaka 12" lina uzito kuliko "ni mfanyabiashara hodari", kwa kuwa miaka 12 kila mtu anaweza kuihesabu.

Tulikaa na kadi hiyo muda wa saa moja. Swali la kwa nini msemaji huyu lilikuwa na jawabu: miaka yake sokoni na daftari lake. Kwa nini mada hii, na kwa nini hadhira hii: kila mtu hukopa au hukopesha. Swali la kwa nini wakati huu lilitusumbua kidogo, mpaka kijana akakumbuka kwamba shule zilikuwa zinafunguliwa na watu wote mjini walikuwa wakitafuta karo. Toleo la mwisho lilikuwa hili:

"Hakuna hata mmoja humu ndani ambaye hajawahi kukopesha au kukopa, na wengi wetu hatuna karatasi ya kuonyesha. Mwezi huu shule zinafunguliwa, na fedha zinatoka mkono hadi mkono kwa ajili ya karo. Msemaji wetu ameuza vitambaa sokoni kwa miaka 12, na kila jioni, kabla ya kufunga duka, hukaa na daftari lake. Leo atatueleza ni kitu gani kilichomfundisha kufanya hivyo. Hotuba yake, ya dakika 5 hadi 7, inaitwa 'Kurasa Tupu'. Kurasa Tupu: tumkaribishe Bi. Fulani binti Fulani."

Ni maneno 75; yalimchukua kijana kama sekunde 45. Tazameni kwamba kifo hakimo, wadai hawamo, machozi hayamo. Lakini aliyeketi anajua mambo yanayomhusu, anajua kuna jambo lililotokea, na anangoja kulisikia.

Tazameni pia jina lilipo. Liko mwisho kabisa, na baada yake hakuna hata neno moja. Jina ndilo linaloiambia hadhira ipige makofi. Ukilitaja mapema, watu hupiga makofi katikati ya sentensi yako, au hubaki wakijiuliza kama wameshachelewa. Ukiongeza "karibu sana, usiogope, jukwaa ni lako" baada ya jina, makofi yanafunika maneno yako na msemaji hajui kama atembee au angoje. Katika jambo hili Kiswahili kinatupa neema ambayo Kiingereza hakina. Anayetambulisha kwa Kiingereza akishasema "yeye" mara moja tu, watu wameshajua kama ni mwanamume au mwanamke. Sisi tunaweza kusema ameuza, hukaa, atatueleza, dakika nzima, na hakuna ajuaye ni nani mpaka litajwe jina. Mtu anasikilizwa kwanza kwa kazi yake. Katika mkutano ule nilitazama nyuso: wanaume wawili waliokuwa nyuma waligeuka kumtazama mzee muuza vitambaa aliyekuwa mgeni wetu, wakidhani ndiye.

Msemaji wa pili alikuwa binti anayetoa hotuba yake ya kwanza. Hotuba ya kwanza katika vilabu hivi huwa ya dakika 4 hadi 6, na mada yake ni msemaji mwenyewe: ni nani, ametoka wapi, anataka nini. Hapa mtambulishaji anatakiwa afunge mkono kabisa. Chochote utakachosema juu ya mtu huyo unamnyang'anya. Kadi ya binti yule ilikuwa na sentensi tatu: kwamba kila mwanachama aliyeketi pale aliwahi kusimama mahali hapo mara ya kwanza, kwamba leo ni zamu ya mwenzetu mpya, na kichwa cha hotuba. Kisha jina. Sekunde 20 hivi.

Wa tatu alikuwa mzee mstaafu wa ualimu, mgeni mwalikwa, aliyetuletea wasifu wa kurasa mbili. Kwa mzee kama huyu heshima yataka uangalifu. Hukati wasifu wa mzee kwa kalamu yako mwenyewe. Nilimshauri kijana ampelekee mzee swali: "Mwalimu, katika haya yote, ni mawili gani ungependa leo wayajue?" Mzee akachagua, na la ajabu ni kwamba hakuchagua nishani wala ukuu wa shule. Alichagua mwaka alioanza kufundisha na darasa aliloanza nalo. Wasifu wote tuliuweka mezani mlangoni ili anayetaka ausome.

Kuhusu kusimama kwenyewe nitasema machache. Mtambulishaji humaliza, huanza kupiga makofi yeye mwenyewe, na hubaki mezani mpaka msemaji afike, ili meza isiwe tupu hata sekunde moja. Kisha, kwa desturi ya vilabu hivi, hupeana mkono na msemaji na kuondoka kwa upande ambao hatampita mbele. Mkono huo ni jambo la kuulizwa mapema. Mimi siwapi mkono wanaume wasio mahramu zangu, na kuna wanawake wengi wenye msimamo kama wangu. Siku ile Bi. Fulani alikuwa amemwambia kijana kwenye simu, naye alipofika mezani kijana aliweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa, Bi. Fulani akafanya vivyo hivyo, na mkutano ukaendelea. Hakuna aliyetahayari kwa sababu wote wawili walijua kabla. Fedheha ya mkono ulionyooshwa ukakosa wa kuupokea hutokea kwa wasioulizana.

Kisha kuna mvua. Anayeijua Kakamega anajua kwamba alasiri nyingi za mwaka mbingu hufunguka na ngurumo, wakati mwingine na mawe ya mvua, na ukumbi wetu umeezekwa mabati. Ikianza katikati ya utambulisho, usishindane nayo. Nyamaza, ingoje ipungue, na ikiwa haipungui, acha yote yaliyobaki uende moja kwa moja kwenye kichwa cha hotuba na jina. Hayo mawili ndiyo yasiyoweza kuachwa. Kwa sababu hiyo huandika kichwa na jina kwa herufi kubwa chini ya kadi, mbali na maneno mengine, jicho lifike hapo bila kutafuta. Kadi yenyewe huwa ya karatasi ngumu, upande mmoja tu. Simu sishauri, maana huzimika, na mwanga wake humfanya mtu ainamishe uso.

Kazi haijaisha msemaji anapoketi. Mtambulishaji hurudi mezani, na hapo ndipo wengi huteleza. Hotuba ya Bi. Fulani ilipokwisha ukumbi ulikuwa kimya, wanawake wawili wakifuta macho kwa pembe za mitandio. Katika hali hiyo mtambulishaji huvutwa kusema jambo: kueleza alivyoguswa, kusimulia deni la baba yake mwenyewe. Si kazi yake. Kuna mtathmini aliyepangiwa hotuba hiyo, na maneno ya mtambulishaji yatamtangulia. Yampasa kushukuru kwa sentensi moja, kisha kumwomba mtunza saa aupe mkutano dakika moja ya kimya, watu wamwandikie msemaji maoni yao kwenye vikaratasi. Kijana alifanya hivyo hasa. Dakika hiyo ilifaa pia kwa binti aliyekuwa akifuata, kwa sababu kuingia na hotuba ya kwanza juu ya machozi ya watu si rahisi. Ilipokwisha, watu walikuwa wameshainua vichwa.

Na saa? Hesabu yake ni hii. Wasemaji watatu, tuseme wa dakika 7 kila mmoja, ni dakika 21. Utambulisho wa dakika moja moja unaongeza 3. Lakini mtambulishaji anayechukua dakika 4 kwa kila mtu hutumia 12, yaani 9 zaidi ya alizopewa. Mtathmini hupewa dakika 2 hadi 3. Hizo 9, basi, ni sawa na watathmini watatu wote, na wao ndio watakaoambiwa wafupishe, ilhali msemaji alikuja hasa kwa ajili yao. Sisi huanza saa kumi na nusu, baada ya alasiri, na humaliza saa kumi na mbili. Jua huku huzama kama dakika 20 baada ya kuzama Mombasa, kwa hiyo kabla ya magharibi kuna nafasi ya kufika msikitini au nyumbani bila kukimbia. Mtambulishaji mmoja mrefu wa maneno huila nafasi yote hiyo.

Limebaki jambo moja ambalo huulizwa mara kwa mara: msemaji asipotokea, mtambulishaji afanyeje? Huwa nina kadi ya nne. Kabla ya kila mkutano humwomba mwanachama mmoja mzoefu awe tayari na hotuba ya akiba, nami huandika kadi yake kama za wengine, kwa maswali yale yale. Mara nyingi hurudi nyumbani na kadi hiyo haikusomwa. Naiweka, maana mtu yule yule siku moja atapangiwa zamu, na miaka yake ya kazi nitakuwa nimeshaiandika. Nitabakiwa na kuuliza kichwa kipya, na kama lile asilotaka litajwe bado ni lile lile.

Jumamosi ile kadi ya nne haikuhitajiwa. Kijana alizikusanya tatu alizozitumia, nami nikamwambia azigawe kwa wenyewe kama anataka. Bi. Fulani alipokea yake, akaisoma tena akiwa amesimama mlangoni huku akingoja mvua ipungue, kisha akaitia ndani ya daftari.